Kreatini ilivyovuruga vipimo vya figo zangu

Nina miaka 46 na ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu. Natumia lisinoprili ya presha na metfomini ya kisukari. Nilipoanza kunyanyua vyuma, mwalimu wa mazoezi aliniambia, "Kaka, tumia kreatini, kunywa maji mengi tu, figo zitajisafisha." Nikamwamini, nikanunua unga huo wa kujenga misuli. Gramu 20 kwa siku wiki nzima, kisha 5 kila siku. Daktari sikumwambia, maana niliiona kama chakula tu.

Mwezi uliofuata nilipima. Kreatinini, takataka ya damu ambayo figo huichuja, ilikuwa imetoka 150 hadi 185, na eGFR, kadirio la uwezo wa figo kuchuja damu, imeshuka kutoka 50 hadi 39. Daktari alikunja uso. Akataka kupunguza metfomini, akawa anajiuliza kama lisinoprili ndiyo inayoniumiza, kwani nayo huweza kupandisha kreatinini. Hapo ndipo nilipokumbuka kutaja ile kopo ya unga.

Alinieleza hivi. Kila siku sehemu ndogo ya kreatini iliyo mwilini, kama asilimia 2, hugeuka yenyewe kuwa kreatinini. Ukiongeza kreatini, takataka hiyo nayo huongezeka, na eGFR inayokokotolewa kwayo hushuka hata kama figo hazijaguswa.

Rafiki yangu aliposikia hayo alisema, "Basi ni namba ya uongo, endelea." Ushauri huu unaniudhi kuliko ule wa maji. Kwa mgonjwa wa figo, kreatinini ikipanda huenda ni unga, huenda ni dawa, huenda figo zinazidi kuharibika kweli, na kwa kipimo hicho kimoja huwezi kutofautisha. Mimi, zaidi ya hayo, nilikuwa nameza ibuprofeni kwa ajili ya magoti, dawa ambayo hubana damu inayoingia kwenye figo. Lisinoprili nayo hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye vichujio vya figo, kwa hiyo ukizichanganya, shinikizo la kuchujia damu hushuka zaidi.

Daktari alisimamisha unga na ibuprofeni. Akaagiza sistatini C, kipimo kingine cha figo kisichobabaishwa na kreatini, pamoja na protini ya albumini kwenye mkojo na potasiamu. Alinionya kuwa sistatini C nayo huyumba mtu akiwa na shida ya tezi la shingo au akitumia dawa za steroidi. Mimi sina hayo. Jibu likaja eGFR ya 47, albumini palepale. Wiki nne baadaye kreatinini ilikuwa 153. Metfomini haikuguswa, na presha yangu ilibaki na dawa yake. Nilishusha pumzi.

Nikamuuliza kama naweza kurudia gramu 3 tu. Akakataa: watu wengi waliofanyiwa utafiti wa kreatini walikuwa na figo nzima, na kwangu unga huo ungemficha dalili ileile anayoitegemea kujua kama ugonjwa unasonga. Kopo nimeliacha. Vyuma naendelea navyo, na magoti nayakanda kwa barafu.