Grafu ya mvua na joto ya Dodoma
Jana nilikaa na mdogo wangu wa fomu tatu tukawa tunasoma ile grafu ya mvua na joto ya Dodoma, na jamani ile kitu inaongea sana ukijua pa kuanzia. Anza na namba za pembeni, huku milimita za mvua, huku nyuzi joto, kila upande na skeli yake, kwa hiyo mstari wa joto kupita juu ya nguzo ya mvua peke yake sio kwamba joto limezidi mvua, ni skeli tu zimepangwa hivyo.

Alafu angalia mstari unashuka wapi. Dodoma unashuka kwenye mwezi wa sita na wa saba, basi tayari unajua uko kusini ya ikweta, na hata ukishuka tofauti ni nyuzi chache tu, hiyo ni tropiki.

Sasa nguzo. Zinasimama Desemba mpaka Machi, Aprili zinapungua, alafu Juni mpaka Septemba karibu hamna kitu. Msimu mmoja wa mvua. Ukijumlisha nguzo zote 12 unapata kama milimita 570 hivi kwa mwaka, nusu ukame, ndo maana mtama na uwele unastahimili kule kuliko mahindi. Ila kumbuka ni wastani wa miaka mingi, mwaka mmoja mvua inaweza kukata Februari mazao yakiwa shambani na grafu haitakuonyesha.