Siku moja maishani mwangu: dozi ya saa nane iliyobaki

Mimi ni muuguzi mkunga, wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya huku Tanzania. Zamu yangu leo ni ya asubuhi. Nitawasimulia siku nzima, ila nitakaa zaidi kwenye nusu saa ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo mgonjwa anapotoka mikononi mwangu na kuingia mikononi mwa mwenzangu.

Saa 1:20 asubuhi. Nafika mapema kidogo nipokee ripoti kitanda kwa kitanda. Sipendi kupokea nikiwa nimekaa mezani. Kitanda namba 6 yupo mama wa uzao wa kwanza, presha ilipanda usiku hadi 170/112, protini kwenye mkojo, kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Wakamwanzishia magneziamu salfeti saa nane usiku kumkinga na degedege la kifafa cha mimba, na akajifungua salama saa 10:20 alfajiri. Dozi ya kwanza ya kuendeleza kachomwa saa kumi na mbili, tako la kulia. Anatakiwa kuendelea na gramu 5 kila baada ya saa nne, mpaka zitimie saa 24 tangu ajifungue.

Saa 2 hadi saa 4. Kazi za kawaida: presha, kuwasaidia kina mama kunyonyesha, raundi ya daktari, kuandika wanaoruhusiwa.

Saa 4 asubuhi. Dozi ya namba 6 imefika. Kabla ya kuchoma napima vitu vitatu, na kimojawapo kikikosekana sichomi. Pumzi ziwe 16 au zaidi kwa dakika. Goti liruke ninapoligonga na kinyundo. Mkojo uwe umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Magneziamu hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua, dawa inabaki kwenye damu na kujilimbikiza, kwanza goti linaacha kuruka, kisha pumzi zinalegea. Leo vyote viko sawa. Nachoma tako la kushoto, namwaga mkojo na kuandika.

Saa 7:45 mchana. Dozi inayofuata ni saa nane, na saa nane ndiyo tunabadilishana zamu. Dozi inayoangukia kwenye mpaka wa zamu ndiyo rahisi kupotea: anayetoka anadhani anayeingia atachoma, anayeingia anadhani tayari imechomwa. Kwa hiyo nampima robo saa kabla. Pumzi 18, goti linaruka vizuri. Nainama kuangalia mfuko wa mkojo: mililita 70 tu. Kwa karibu saa nne nilitarajia 120 hivi.

Kwanza naufuata mpira kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko, maana mara nyingine mama anaulalia ukajikunja na mkojo unabaki kwenye kibofu. Haujajikunja. Nabonyeza tumbo chini ya kitovu, kibofu hakijajaa. Basi mkojo ni mchache kweli. Nampigia daktari saa 7:50. Anasema dozi isubiri, nitoe damu ya kreatinini tuone figo zinavyofanya kazi, mkojo upimwe tena saa tisa.

Saa 8 kamili. Damu imeshakwenda maabara. Namwaga ule mkojo, bado ni 70, ili hesabu ya mwenzangu ianze kwenye sifuri. Halafu ndipo naandika.

Hapa niwaambie kitu kilichonifundisha. Miaka ya nyuma, hospitali nyingine, niliandika kwenye daftari la ripoti "dozi ijayo saa 8". Nilimaanisha saa nane mchana. Faili zetu tunaandika kwa Kiingereza, na mwenzangu aliyepokea alikuwa ameshazoea kusoma saa za Kiingereza, akaelewa saa mbili usiku. Hakuna aliyekosea kusoma, nilikosea mimi kuandika. Tuligundua saa 11 jioni, mama alipolalamika kichwa kinagonga na ndugu yake akaja kuniulizia. Dozi ilikuwa imechelewa saa tatu. Hakupata degedege, lakini sikulala usiku ule. Tangu hapo kwenye maandishi ni 14:00 tu, hata kama mdomoni nasema saa nane.

Maelezo ya leo nayaweka hapa kwa Kiswahili:

*Kitanda 6. Kajifungua 04:20. Magneziamu ya 14:00 HAIJATOLEWA. Mkojo 70 tangu 10:00, mpira haujajikunja, kibofu hakijajaa. Pumzi 18, magoti yanaruka. Daktari kaambiwa 13:50, kasema isubiri. Mkojo nimeumwaga 14:00, pima 15:00. Ukifika 30, na pumzi 16 au zaidi, na goti linaruka: mpigie daktari, kisha choma. Usipofika: mpigie daktari, usichome. Goti likiacha kuruka au pumzi zikishuka chini ya 16: usichome, ita daktari palepale, kalsiamu glukoneti gramu 1 ipo kwenye trei juu ya kabati lake. Kreatinini imepelekwa 13:55, haijarudi. Magneziamu inaisha 04:20 kesho.*

Angalieni neno la kwanza lenye uzito: haijatolewa. Ningeandika "magneziamu inaendelea" nisingekuwa nimesema uongo, lakini mwenzangu angeona mstari wa 14:00 mtupu kwenye chati na asijue nilisahau kuandika au sikuchoma. Akidhani nilisahau kuandika, mama anakosa dawa hata mkojo ukirudi. Akidhani nilisahau kuchoma, anamchoma mtu ambaye figo hazitoi. "Anaendelea vizuri" ndilo neno nisilolitaka kabisa kwenye daftari la ripoti. Halimwambii mtu afanye nini saa tisa.

Saa 8:10. Mwenzangu anafika. Hatusomi mezani, tunakwenda hadi kitandani. Namsomea, kisha namwomba anirudishie. "Sista, saa tisa napima mkojo kuanzia sifuri," anasema, "ukifika thelathini nampigia daktari kwanza." Ndiyo. Namfungulia trei, anaiona kalsiamu, dawa ya kuzima magneziamu ikizidi mwilini, na sindano yake kwa macho yake. Tunagonga goti pamoja, ili kesho tusibishane liliruka kiasi gani. Namweleza na mama mwenyewe kwamba dawa yake haijafutwa, inasubiri mkojo. Vitanda vingine vinatuchukua dakika kumi zote.

Saa 10 kasoro robo. Niko kwenye daladala, simu inaita. "Dada, mkojo umetoka 45. Daktari kasema nichome. Mara ya mwisho ulichoma tako gani?"

Kwenye chati nilitia sahihi ya dozi, upande sikuandika, na kwenye maelezo nao haumo. Nikamwambia kushoto, achome kulia. Nikamkumbusha pia kwamba saa nne zinahesabiwa kuanzia anapochoma sasa, siyo kuanzia saa nane, kwa hiyo aandike saa halisi na aliyeko usiku aione. Akasema kalamu anayo mkononi, "15:50, kulia," akakata simu akaenda kuchoma.