Urari uliolingana na friza lililofichika

Mwaka huo nilikuwa nikifunga hesabu za duka moja la vyakula Chake Chake. Mwenye duka, mzee mpole, alinikabidhi urari, yaani orodha ya salio zote za daftari katika pande mbili zinazopaswa kulingana, ambao kijana wake alikwishauandika: debiti 34,100,000, krediti 35,900,000. Tofauti 1,800,000.

Tofauti ya namna hiyo huigawa kwa mbili kwanza. Kiasi kikikaa upande usio wake, huongeza huku na kupunguza kule, kwa hiyo pengo huwa maradufu. Nusu yake ilikuwa 900,000, na kiasi hichohicho kilikuwa pale kwenye krediti: wadaiwa, yaani wateja waliokopa. Deni tunalodai ni mali yetu, mahali pake debiti. Nikalihamisha, pande zote zikawa 35,000,000.

Kijana akafurahi. Mimi nikaendelea na hesabu ya mapato. Mauzo 28,000,000. Bidhaa za mwanzo 4,000,000, ukijumlisha manunuzi 22,000,000 na kutoa bidhaa zilizobaki 5,000,000, gharama ya mauzo ni 21,000,000. Faida ghafi 7,000,000. Pango na mishahara 3,600,000, ikabaki faida halisi 3,400,000. Mizania nayo, yaani mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili, ikalingana kwa 9,400,000.

Nikamsomea mzee. Akakunja uso.

"Mwanangu, mimi katika kila shilingi mia ninayouza, thelathini ni zangu. Wewe umenipa ishirini na tano."

Hakuwahi kusoma hesabu za vitabu, lakini bei zake alizijua kuliko daftari. Nikatazama pembeni. Friza jipya lilikuwa linanguruma karibu na magunia ya mchele, ilhali vifaa kwenye urari vilikuwa 2,000,000 tu, sawasawa na mwaka uliotangulia. Tukapekua risiti za manunuzi, na humo tukalikuta: 1,400,000, limeandikwa kama bidhaa ya kuuza.

Urari usingelifichua hata siku moja. Manunuzi ni debiti na vifaa ni debiti, jumla haibadiliki. Hata mizania ingelingana, kwa kuwa faida na mali zilikuwa zimepungua kwa kiasi kilekile.

Nikahamisha. Manunuzi 20,600,000, faida ghafi 8,400,000, ambayo ni asilimia 30 kamili ya mauzo. Faida halisi ikapanda hadi 4,800,000. Mali: taslimu 1,500,000, wadaiwa 900,000, bidhaa 5,000,000, vifaa 3,400,000, jumla 10,800,000. Upande wa pili: wadai, yaani wanaotudai, 2,000,000, na mtaji 5,000,000 ukiongeza faida na kutoa 1,000,000 aliyochukua mwenyewe.

"Ewaa," alisema mzee. "Lakini friza si litachakaa?"

Kweli, hilo lilikuwa bado. Tukakubaliana tutoe asilimia 10 ya vifaa vyote, 340,000. Faida ikashuka hadi 4,460,000, mizania ikakaa kwenye 10,460,000 kila upande, na kijana akaifuta ile nakala ya kwanza kwa kalamu nyekundu.