Kaye ya Yaya

Juzi mtoto wangu wa pili alichana ukurasa wa kaye ya hesabu, akakunja ndege. Nilikwisha kufungua kinywa nimkaripie, halafu nikamwona ndege mwenyewe: shingo ndefu, mabawa yamechongoka, mkia juu. Korongo wa Michael Scofield kabisa, yule wa Prison Break. Nikamchukua, nikamnyoosha shingo iliyopinda, na vidole vyangu havikuuliza njia.

"Papa, nani alikufundisha?"

"Mtu mmoja aliyekufa," nikasema. Kisha nikaona nimesema haraka. "Labda hakufa."

Kadutu, Bukavu, 2009. Mnazikumbuka zile sahani za video zilizobanwa msimu mzima ndani yake, sauti ya Kifaransa, picha inakwama kila mtu akianza kukimbia. Prison Break, ile tamthilia ya Amerika ya watu wanaotoroka gerezani, ilikuwa imetuingia mpaka kwenye majina. Mwenye ukumbi wa video tulimwita Bellick, kwa kuwa alisimama mlangoni na fimbo. Binamu yetu alikuwa Sucre. Mimi niliwahi kuvaa soksi za mtu bila kuomba, nikabaki T-Bag hadi leo. Yaya, mkubwa wangu, peke yake alikataa jina.

Msimu wa nne uliisha vibaya. Hadithi inaruka miaka minne, Sara, mpenzi wa Michael, na mtoto wake wanafika makaburini, na kwenye jiwe kuna jina la Michael. Basi. Tulikuwa tumemwona akitoka damu puani, tukajua ni ule uvimbe wa kichwani. Watu walirudi nyumbani kimya kama wametoka kwenye kilio.

Halafu Bellick akapata sahani nyingine, The Final Break, filamu ya kueleza alikufaje. Akaongeza bei ya kuingia maradufu, na tukalipa.

Tulijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni, kati ya magoti ya wenzao. Mama mmoja alikuja na sambaza za kukaanga kwenye karatasi, harufu ikatembea ukumbi mzima. Kwenye televisheni, Sara yuko gerezani na mimba, na Michael ameingia kumtoa. Mlango wa mwisho haufunguki mpaka mtu abaki nyuma afanye shoti. Anamwambia Sara aende. Anachukua nyaya. Nilikuwa nasikia mtu akitafuna sambaza, kisha hata yeye akaacha. Anazikutanisha. Cheche, cheche, mwanga mweupe, halafu giza.

Tulikaa tukingoja. Tulidhani ni filamu, kwamba mwenye kuitengeneza ametaka tuomboleze kidogo. Ikapita kama nusu dakika. Mbwa akabweka nje, mtu aliye karibu na mlango akachungulia, akatangaza kwamba Kadutu nzima haina taa.

"Jamani," sauti ikasema kutoka sakafuni, "amekatia hata sisi!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Bellick alikwenda kuamsha grupu, grupu likakohoa mara mbili na kunyamaza, mafuta hakuna. Kurudisha pesa alikataa, kwa hoja kwamba kifo tumekwisha kukiona. Ndipo yaya akasema, bila kupandisha sauti:

"Mulimuona anakufa? Mimi sikuona maiti."

Hakuna aliyejibu.

Siku tatu baadaye umeme uliporudi tuliangalia mpaka mwisho, na maiti kweli haikuonyeshwa. Kwa yaya hiyo ilikuwa sheria: kilichoonyeshwa hukigusi, kisichoonyeshwa ni chako. Na alikuwa na ushahidi. Katika msimu wa tatu tulionyeshwa kichwa cha Sara ndani ya sanduku. Mashabiki huko Amerika wakapiga kelele, na msimu wa nne Sara akarudi mzima. Tukaambiwa kile kichwa kilikuwa cha mwanamke mwingine. "Sasa," yaya akasema, "wa kichwa amerudi. Huyu ambaye hatukuona hata kidole, juu ya nini asirudi?"

Akanunua kaye, akaanza kuandika.

Kumtoa kwenye umeme kulimchukua jioni moja: mlinzi anamkuta anapumua, na kuna mtu mwenye faida ya kumficha. Sucre ndiye aliyemharibia. Mwishoni mwa filamu, Sara na Lincoln, kaka yake Michael, wanaangalia video ambayo Michael aliwaachia, na humo anasema ugonjwa umerudi, kwamba siku zake zilikuwa zinahesabika hata hivyo. "Yaya, umemponya moto. Na kichwa je?" Vifo viwili kwa mtu mmoja. Yaya alinuna, kaye ikalala chini ya godoro karibu wiki mbili.

Alichofanya baadaye bado nakistaajabia. Hakumponya. Kumponya kungekuwa kugusa kilichoonyeshwa. Alimpa miezi minane, na kila sura aliyoandika ikaishia na tone la damu puani, ili msomaji ahesabu. Michael akawa fundi wa injini kwenye boti ya usiku kati ya Goma na Bukavu, anatafuta njia ya kumpelekea Sara korongo wa karatasi bila kufuatwa. Ndiyo sababu nilijifunza kukunja: yaya alitaka ajue mikunjo inachukua muda gani kwa mtu ambaye mikono inatetemeka.

Kaye ilizunguka Kadutu, kisha Sucre akavuka nayo ziwa kweli, kwenda Goma. Ilirudi ikiwa nene. Watu walikuwa wamebana kurasa zao ndani, wino mwekundu, wino wa kijani. Mmoja alikuwa ameniua, maana yake T-Bag, kwa mistari miwili tu. Mwingine alikuwa ameandika pembeni: *Lincoln hawezi kusema hivi.* Yaya alikasirika siku nzima. Usiku nikamkuta anaifuta ile sentensi ya Lincoln.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za tamthilia ya Star Trek na nikacheka peke yangu. Ilifutwa 1969 baada ya vipindi 79. Tangu 1967, ikiwa bado hewani, mashabiki walikuwa wanachapa vijarida vyao vya hadithi na kuuziana. Januari 1972 wakaitisha mkutano New York, wakitegemea watu mia kadhaa, wakaja zaidi ya 3,000. Filamu yake ilitoka 1979. Miaka kumi ya watu kupeana karatasi! Sisi tulikuwa na kaye moja na boti.

Aprili 2017 Michael alirudi. Vipindi tisa, yuko hai katika gereza la Yemeni kwa jina la Kaniel Outis. Neno hilo la mwisho kwa Kigiriki ni "si mtu". Simu yangu haikulala. Waliokuwa sakafuni usiku ule wote sasa walidai walijua tangu mwanzo, hata Bellick.

Nilimpigia yaya nikidhani atashangilia.

"Nimeona," akasema. "Miaka saba, na Sara wamemwoza kwa mwingine. Wangu hakuolewa."

"Lakini ulisema kweli, yaya. Hakufa."

"Wangu alikuwa na miezi minane." Akakata simu.

Basi juzi, kwa ajili ya mtoto, nikampigia tena. Nikamwambia kuna msichana hapa anataka kujua kama yule mtu alikufa au hakufa.

Alinyamaza kidogo. "Kaye iko kwa nani?"

Nikamuuliza Sucre. Yuko Goma, na alichokuwa nacho ni picha ya kurasa mbili za mwisho, imepigwa kwa simu ya zamani. Nilizikuza kadiri zilivyokubali. Boti inakaribia Bukavu, taa za mji zinaonekana, Michael amepanguza pua na leso. Sentensi inakatika katikati. Wino ni mwekundu, na yaya hakuwahi kuwa na kalamu nyekundu.

Mtoto amekwisha kuchana ukurasa wa pili.