Hotuba ya mahafali niliyoipitisha kwa shangazi

Nilipochaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wahitimu wenzangu hapa Pemba, niliandika hotuba ya maneno 910 ambayo kwenye karatasi niliiona imekamilika, lakini nilipoisoma kwa sauti huku nikitazama saa ilichukua dakika 10, nami nilikuwa nimepewa 5.

Jioni nilimsomea shangazi, aliyekuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kila jambo lilipomshika, mkono wake ulisita. Lilipomponyoka, nazi iliendelea kukunwa. Nilipofika ukurasa wa pili alisema bila kuinua kichwa, "Hilo umeshalisema, mwanangu."

Na kweli nilikuwa nimelisema. Shukrani kwa wazazi zilikuwamo mwanzoni, katikati na mwishoni, na karibu kila neno lilikuwa na pacha wake: juhudi na bidii, changamoto na matatizo. Nilibakisha shukrani za mwishoni tu, na katika kila jozi nikaacha neno moja. Hata hivyo, nilipunguza kupita kiasi. Mahali pengine niliondoa neno "wazazi" nikaacha "wao", na shangazi akauliza, "Wao nani, walimu?" Msomaji hurudisha jicho mstari wa juu, lakini msikilizaji hana pa kurudi, kwa hiyo neno hilo nililirudisha.

Sentensi iliyonisumbua zaidi ilikuwa hii: "Wazazi wetu, ambao wamejitolea kwa hali na mali katika kuhakikisha kwamba sisi watoto wao tunapata elimu iliyo bora, wanastahili shukrani zetu za dhati." Kutoka "wazazi" hadi "wanastahili" pumzi inakwisha, na hakuna kitu cha kuonekana. Nikaiandika upya kwa namna tunavyosema nyumbani:

Mama kachokoa pweza,
baba kauza madafu,
ada yangu ikalipwa.

Nilipohesabu mizani kwa vidole nilikuta kila kipande kina 8, na nazi ilikuwa imenyamaza. Nilishawishika kuipanga hotuba nzima hivyo, ila nilipojaribu aya moja zaidi ilianza kusikika kama shairi la shule, na shangazi akacheka. Mizani ikabaki hapo tu. Kwingineko nilichanganya sentensi fupi na ndefu kidogo, na nikajitahidi kila moja iishie kwenye neno zito, si kwenye "pia" au "kadhalika".

Nakala ya mwisho ilikuwa na maneno 440, imechapwa kwa herufi kubwa, kila pumzi mstari wake, na mkwaju wa kalamu nyekundu pa kunyamaza. Baada ya "ikalipwa" niliweka mkwaju mmoja. Siku yenyewe vigelegele vililipuka hapo hapo, nami nikaendelea kusoma, kwa hiyo sentensi iliyofuata, iliyowataja walimu wetu, hakuna aliyeisikia. Pale palihitaji mikwaju mitatu.