Nilivyoilainisha hotuba ya mwenyekiti bila kumshusha

Mwenyekiti wa Saccos yetu ni mwalimu mstaafu, na hotuba zake zilisomeka kama barua ya kusimamishwa kazi: "Imebainika kuwa baadhi ya wanachama hawajatekeleza wajibu wa urejeshaji wa mikopo." Watu walikuwa wanasinzia. Mimi ndiye katibu, nikaambiwa niilainishe.

Nikamsikiliza shemeji yangu, ambaye kwa kuongoza harusi mbili anajiona mshereheshaji. "Chekesha watu, ongea kama wao." Basi nikafuta "ndugu wanachama", nikaweka "wapendwa wangu wa madeni". Nikatia utani wa mdaiwa anayekata kona akimwona mhasibu. Mwishoni nikaandika: "Naombeni, kama inawezekana, tujitahidi kulipa kabla ya tarehe 30 Juni."

Walicheka kweli. Kisha mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mwenyekiti, tusogezee mpaka Agosti!" Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu alikunja karatasi polepole, akanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa paredi. Shemeji? Hakupokea simu siku tatu.

Kabla ya mkutano uliofuata nikamfuata Mwalimu nyumbani na vitumbua vya elfu mbili tatu hivi. Kwa ruhusa yake nikawasha kurekodi kwenye simu, nikamwambia anieleze tatizo kama anavyomweleza jirani. Akasema: "Nimepitia daftari mwenyewe. Watu 41 tumewakopesha, wamenyamaza. Hela wanayokaa nayo ni ya mama anayesubiri mkopo wa ada, na mimi ndiye ninayemwambia arudi kesho."

Hapo nikaacha kuandika, nikanakili tu. Hakuna kichekesho hata kimoja, lakini kuna mtu ndani yake. Ile "imebainika" ilimficha aliyebaini. "Nimepitia" inamwonyesha, na anayekiri kazi aliyoifanya huwezi kumdharau. Maneno kama "urejeshaji wa mikopo" yakarudi kuwa kulipa.

"Ndugu wanachama" nikairudisha. Mwalimu akiacha salamu za itifaki, watu wa umri wake wanadhani anaumwa.

Kazi kubwa ikawa sentensi ya uamuzi. Naombeni, kama inawezekana na tujitahidi, zote tatu nikazing'oa, maana ndizo zilizomfungulia mlango mzee wa Agosti. Ikabaki: "Asiyeanza kulipa ifikapo tarehe 30 Juni, nitasaini makato ya akiba za wadhamini wake." Kwenye tatizo nilimwachia "tumewakopesha", kwa kuwa lawama ni yetu sote, kwenye hukumu nikamwekea "nitasaini". Nikapiga mstari chini yake na kumwandikia pembeni: nyamaza, hesabu mpaka tatu, usitabasamu.

Alihesabu mpaka tano, mwalimu huyo.

Hakuna aliyeomba nyongeza. Mama mmoja tu alinyoosha mkono akauliza kama siku hiyo ya 30 ofisi itafunguliwa mapema.