Saa 20 za sauti kwa kampuni ya Hamburg

Mwaka 2022 nilipata kazi kubwa kuliko zote nilizokuwa nimewahi kushika tangu nianze kazi ya unukuzi. Kampuni ndogo ya filamu kutoka Hamburg ilikuwa imerekodi saa 20 za mazungumzo na wazee wa kahawa wa Kibosho, Uru na Machame, wakisimulia enzi za chama cha ushirika. Walihitaji mtu wa kuandika kila neno, kufasiri pale wazee wanapochanganya na Kichagga, kuweka Kiingereza pembeni na kutia alama ya muda kila sekunde 30. Aliyewaelekeza kwangu ni kijana mmoja anayepandisha wageni mlimani. Mimi na wao hatukuwahi kuonana uso kwa uso.

Bei tulikubaliana kwa simu: dola moja na nusu kwa dakika ya sauti. Dakika 1,200 zilikuja dola 1,800. Ubishi ulianzia kwenye namna ya kulipa. Prodyuza, mama mmoja mstaarabu sana, alisema kampuni yao hulipa siku 30 baada ya kupokea ankara, kazi yote ikiwa imekamilika. Sidhani alikuwa na hila. Ulaya makampuni mengi huendeshana hivyo, na wao wakikosana mahakama iko mtaa wa pili.

Mimi niko Majengo, Moshi. Saa moja ya sauti safi hunila asubuhi nzima. Ya wazee watatu wanaodakiana maneno mgombani, jogoo akiwika juu ya maikrofoni, hunila siku nzima. Kazi yao ingenimalizia karibu mwezi mzima, halafu nikae mwezi mwingine nikisubiri ankara.

Jioni ile nilimpelekea mjomba suala hilo. Alikuwa karani wa chama cha msingi kwa miaka mingi, amepima kahawa ya watu na kuwaandikia stakabadhi, na karatasi yoyote ya pesa huisoma kama daktari anavyosoma kadi ya mgonjwa. Nilimwamkia, nikamweleza.

“Akikatiza katikati, mwanangu, wewe unabaki na nini?”

“Mkataba, mjomba.”

“Utampeleka Hamburg kwa nauli ipi?”

Nikacheka, lakini swali lilikuwa na uzito. Kumfungulia mtu wa Ujerumani kesi ya dola 1,800 kungenigharimu kuliko deni lenyewe. Basi karatasi hiyo ifanye kazi gani? Tulikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, tukakubaliana kwamba mkataba wangu uwe na kazi mbili tu: kueleza kitu gani kikifika mikononi mwao kinahesabika kimekamilika, na kuhakikisha kwamba siku yoyote wakiondoka, hasara yangu haizidi kile ninachoweza kuvumilia. Mjomba alikuwa mzoefu wa mpango wa namna hiyo. Mkulima akileta kahawa chamani alipewa malipo ya kwanza pale pale, mengine yakangoja kahawa iuzwe mnadani.

Tukaigawa kazi mafungu manne ya saa tano tano. Kila fungu thamani yake dola 450. Asilimia 20 ya jumla, yaani dola 360, ilipwe kwanza kama advansi. Advansi hiyo tuliigawanya sawa katika mafungu yote, dola 90 kila moja, hivyo kila fungu lilibakiza dola 360 za kulipwa. Na hizo 360 ziwekwe eskro, yaani kwa mtu wa kati anayezishika mpaka kazi ikubaliwe, kabla sijafungua rekodi ya kwanza ya fungu husika. Advansi hairudishwi taslimu, bali wakisitisha, nitaifanyia kazi kwa dakika zinazolingana nayo. Sentensi hiyo ya mwisho mjomba aliisimamia kidete. Mimi niliona kama ya ziada.

Kisha likaja suala la ukamilifu. Nilikuwa nimeandika “tafsiri nzuri na sahihi”. Mjomba akauliza nani atapima uzuri. Nikafuta, nikaandika: faili la Word lenye safu tatu, muda, Kiswahili, Kiingereza, neno lisilosikika liwekewe alama na muda wake, mteja ana siku saba za kuonyesha makosa kwa kutaja muda yalipo, duru moja ya masahihisho ni bure, kitu kingine chochote kina bei yake na kitaandikwa kabla ya kuanza. Nyaraka yote ilikuwa kurasa mbili.

Prodyuza aliisoma akaomba badiliko moja tu, siku saba ziwe kumi. Nikakubali. Nadhani ilimpa nafuu hata yeye, kwa maana naye alikuwa anatuma pesa kwa mtu asiyemjua, na kwa mpango ule asingeweza kupoteza zaidi ya advansi.

Advansi ilikuja kwa benki. Alinitumia picha ya skrini ya malipo, nikamshukuru, nikaendelea na shughuli zangu nyingine. Picha ya skrini si pesa, na hata karatasi ya SWIFT, mtandao wa benki wa kupelekeana maagizo, iliyoitwa MT103 wakati huo, ilionyesha tu kwamba maagizo ya kulipa yametoka. Mkataba ulisema muda wangu wa kazi unaanza kuhesabiwa pale pesa inaposoma kwenye akaunti yangu ya dola. Ilipofika ilikuwa pungufu, kwa sababu dola zikitoka Ujerumani hupitia benki ya kati na kila mlango hukata chake. Kwenye fomu ya benki kuna chaguo la nani abebe makato: OUR, mtumaji anabeba yote; SHA, mnagawana; BEN, mpokeaji anabeba. Yeye alikuwa ameacha SHA. Kwenye mkataba nilikuwa nimeandika OUR. Nilimtumia taarifa ya benki, akafidia tofauti bila neno.

Eskro tuliifanyia Upwork, tovuti ambako wateja na watu wa kazi za kujitegemea hukutana na kulipana. Kwa kuwa tulijuana nje, sikuwa navunja sharti lao linalokataza watu waliokutana humo kulipana pembeni. Mimi ndiye niliyechagua mahali, na anwani niliiandika mwenyewe kwenye kivinjari. Mteja asiyejulikana akikutumia kiungo cha tovuti ya eskro ambayo hujawahi kuisikia, iliyopambwa vizuri na yenye jina linalokaribiana na la kampuni maarufu, kaa mbali. Huo ni mtego wa siku nyingi.

Utaratibu wake ni rahisi. Mteja anaweka pesa ya hatua ya kwanza, mfumo unakuonyesha kwamba hatua hiyo ina fedha, nawe unafanya kazi na kuiwasilisha kwa kitufe chao, si kwa barua pepe. Tangu hapo ana siku 14. Akiidhinisha, pesa inatoka; akinyamaza hadi zikaisha, inatoka yenyewe. Baada ya hapo kuna siku tano za usalama kabla hujaweza kuitoa. Lakini akibonyeza kuomba marekebisho, zile siku 14 zinasimama, na zinaanza upya unapowasilisha tena.

Fungu la kwanza lilikwenda kama maji. Kwenye la pili mwelekezi wa filamu, ambaye hatukuwahi kuzungumza naye, aliingia kati. Kwenye WhatsApp aliniandikia kwamba kazi ni nzuri ila anahitaji sabtaito, yale maandishi yanayopita chini ya picha: faili za .srt, mistari miwili kwa kila picha, herufi 42 kwa mstari. Siku hiyo hiyo ombi la marekebisho likatokea kwenye mfumo, na dola zangu 360 zikasimama.

Mtu asiyeifanya kazi hii anaweza kudhani ni kubadili umbo la faili tu. Sabtaito ni kazi nyingine. Mzee anasema sentensi yenye mizunguko mitatu na methali. Mtazamaji ana sekunde nne za kuisoma. Unabana, unakata, unachagua neno, na kila mstari unaupimia muda wa kuingia na wa kutoka.

Sikumjibu WhatsApp zaidi ya kumwambia kwamba nimemwandikia kwenye mfumo. Ugomvi ukifika kwa msuluhishi wao, kinachosomwa ni kilichoandikwa humo. Simu na salamu za pembeni hazina mwenyewe. Nikaandika kwa upole: fungu la pili limewasilishwa kama kifungu cha kazi kinavyoeleza, safu tatu, alama za muda, maneno yasiyosikika yametiwa alama. Kama kuna kosa, naomba muda lilipo nirekebishe leo. Sabtaito naweza kuzifanya kama hatua mpya, dola 3 kwa dakika. Halafu nikaliwasilisha fungu lile lile upya, ili siku 14 zianze kukimbia. Watu wengi husahau hapa: wanabishana wiki nzima kwenye ujumbe huku kazi yao ikiwa haijawasilishwa, na saa imelala.

Prodyuza ndiye aliyejibu. Kumbe hawakuhitaji sabtaito za saa 20. Filamu yenyewe ingekuwa na dakika 90 tu za mazungumzo, na hizo hata hawakuwa wamezichagua bado. Aliidhinisha fungu la pili, na baadaye, walipochagua, akafungua hatua ya dola 270, akaweka pesa, nikaifanya. Mwelekezi naye alitulia. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwonyesha mkataba.

Fungu la tatu lilipita. La nne halikuwekewa pesa. Niliuliza mara moja, nikaambiwa mfadhili amechelewa, je naweza kuanza wakati wanangoja? Nilimjibu kwamba nikiona fedha kwenye hatua hiyo nitaanza siku hiyo hiyo, nikachukua kazi ya mtu mwingine. Wiki zikapita. Mwishowe prodyuza akaandika kwamba mfadhili amejitoa, rekodi walizonazo zinatosha, na akaomba kwa unyenyekevu nirudishe dola 90 za advansi zilizobaki.

Nikampigia mjomba.

“Mwaka ule uliniona mzee msumbufu,” alisema.

“Shikamoo mjomba,” nikajibu, tukacheka wote.

Dola 90 kwa bei yetu ni dakika 60. Nilimwandikia prodyuza nikimnukulia kifungu, nikamwomba achague rekodi yoyote ya saa moja kutoka fungu la nne. Alichagua ya bibi mmoja wa Uru anayesimulia jinsi alivyokuwa akificha stakabadhi za kahawa ndani ya debe la mahindi ili mumewe asizione. Niliimaliza, nikaituma, naye akaufunga mkataba kwenye mfumo na kunipa nyota tano.